Umealikwa harusi na unaenda na kamera yako? Zima flashi kwanza, mengine tutaongea

Juzi kuna kijana ameniandikia kutoka Njombe, anasema dada mimi nimealikwa harusi ya bosi wangu mwezi ujao, nimenunua kamera mwaka huu na flashi yake, nataka niende nayo nipate picha za kujifunzia ila naogopa nisigombane na mpiga picha wa harusi, nifanyeje? Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili nikajikuta nimeandika gazeti, nikafuta, nikasema hii niiweke hapa, maana jibu lake ni kisa changu mwenyewe ambacho hata nyumbani hatukiongelei sana.

Kwahiyo kaa vizuri.

Mwaka juzi mwezi wa nane mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliolewa Iringa. Sisi kwetu ni Mbeya, tulitoka na basi la alfajiri, Makambako baridi inakata masikio, Mafinga tukanywa chai, tumefika Iringa wakwe wanatupokea na kamwene zao, raha tupu. Mimi begani nina begi la kamera. Kipindi hicho nilikuwa nimepiga picha kama mwaka na nusu hivi, nina Canon ya mtumba na ile lenzi inayokuja nayo, na nilikuwa nimenunua flashi ya Godox TT685 kwa pesa ya kubangaiza kwelikweli, nilijinyima. Nilikuwa najiona. Mtu akisema "unapiga picha nzuri" mimi nalala nikiwa natabasamu.

Kanisani sina la kusema, nilitulia maana mchungaji alitangaza mapema kwamba watakaosimama mbele ni mpiga picha na mtu wa video tu. Lokesheni walienda Gangilonga kwenye jiwe, huko sikwenda, gari lilijaa maids. Balaa langu lilikuwa ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umepambwa na zile taa za rangi za chini ukutani, zambarau na bluu, zinapendeza kwa macho ila kwa kamera zinafanya watu wawe kama wamezama kwenye wino. Mpiga picha, kijana mpole tu wa palepale Iringa, alikuwa ameweka flashi zake mbili kwenye stendi, moja kona ya karibu na meza kuu, nyingine kona ya upande wa pili, zote zimeangalia dari. Juu ya kamera yake hakuna flashi, kuna triga tu, kile kidude kidogo kinachoziamrisha zile taa kwa mawimbi ya redio. Mimi niliziona zile stendi nikasema huyu mtu anajua kazi. Nikakaa meza ya ndugu wa bibi harusi, nikatoa flashi yangu nikaichomeka juu ya kamera, nikaielekeza darini, nikaanza.

Picha ya kwanza, meza ya mashangazi. Nikaangalia kwenye kioo. Jamani. Ilikuwa nzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga maishani, mwanga unatoka pembeni taratibu, nyuso zina umbo, nyuma ukumbi mzima unaonekana hauko giza. Nikapiga nyingine, hivyohivyo. Nikamwonyesha shangazi akasema mwanangu wewe uache kuuza dawa za mifugo ufungue studio (mimi niko duka la pembejeo Uyole, bado nipo). Nikavimba. Nikapiga kama picha sabini ndani ya nusu saa, kila nikibonyeza nasema kumbe siku hizi nimeiva.

Sasa ngoja. Flashi moja iliyoko juu ya kamera yako, hata ukiigeuza darini, haiwezi kuwasha mwanga kutoka kona ya ukumbi mita kumi na tano toka ulipo. Haiwezi. Mwanga ule haukuwa wangu. Zile zilikuwa taa za yule kijana, mimi ndiye nilikuwa naziwasha.

Ilivyokuwa ni hivi, na nataka uelewe maana hapa ndipo wengi wenye kamera mpya mnapoangukia. Flashi kama yangu ina redio ndani yake, unaweza kuiweka juu ya kamera iwe bosi wa flashi nyingine. Wiki moja kabla nilikuwa nyumbani najifunza na flashi ya rafiki yangu, tumeifunga kwenye mwavuli mchana jua kali, kwahiyo nikaiweka yangu iwe bosi, chaneli 1, kundi A, nguvu 1/1 yaani ya mwisho kabisa, maana kushindana na jua lazima. Nikamaliza nikaizima nikaiweka begini. Flashi hizi hazisahau, ukiiwasha inakuja na mipangilio uliyoiacha. Na yule kijana naye taa zake ni kampuni ileile, chaneli ileile 1, kundi A. Chaneli ziko 32 kwenye mfumo huo, ila watu wengi tunaiacha 1 kwasababu inafanya kazi, nani anahangaika. Taa haijui bosi wake ni nani wala haiangalii sura, ikisikia amri kwenye chaneli yake inatii.

Sasa ona hesabu ilivyomuumiza. Yeye alikuwa amepanga taa zake 1/16, kamera yake ISO 1600, yaani wepesi wake wa kuona mwanga, na tundu la lenzi f/2.8. Mimi na lenzi yangu ya bei rahisi nilikuwa f/5.6 na ISO 400. Kutoka 1/16 mpaka 1/1 ni nguvu mara 16. Kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 mwanga unapungua mara nne, kutoka ISO 1600 kwenda 400 mara nne tena, nne mara nne kumi na sita. Yaani kwa bahati mbaya ya ajabu mipangilio yangu iliendana barabara na taa zake zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Ndiyo maana picha zangu zilitoka kali vile! Ningekuwa nimeweka ISO kubwa zaidi zingeungua nyeupe pee, ningeshtuka palepale na yote haya yasingetokea.

Kwake yeye ikawa mateso. Taa ikishapewa amri yangu ya nguvu za mwisho, akiiwahi kabla haijarudi kwenye namba zake, picha inaungua, bibi harusi anakuwa shuka jeupe halina hata mstari wa shela. Na ikishatoa nguvu zote inahitaji sekunde kadhaa kujijaza tena, zile zake zilikuwa za betri nne ndogo, betri zikichoka hizo sekunde zinaongezeka, na ukipiga katikati ya kujaza haiwaki kabisa, picha inakuwa giza. Kwahiyo yule kijana anapiga, moja imeungua, inayofuata giza, inayofuata nzuri, inayofuata giza. Nilimwona anaenda kwenye stendi anaikagua. Anarudi. Anaenda tena anabadilisha betri. Mimi nimekaa nasema moyoni, huyu naye vifaa vyake vibovu.

Nakiri hilo. Nilisema hivyo moyoni, na nadhani kwa mdomo pia kidogo, kwa binamu yangu.

Ikaja keki. MC kapandisha mzuka, dijei kashusha muziki, watu wamesimama, maharusi wameshika kisu pamoja, moja, mbili, tatu! Na mimi kwa sababu nilishajiona ni mtu wa picha nikatoka mezani nikaja mpaka karibu, nikapiga tatu mfululizo kabla hata kisu hakijagusa. Yeye alikuwa amesubiri ile sekunde yenyewe kisu kinapozama, maana ndiyo picha, akabonyeza. Giza. Akabonyeza tena. Giza. Taa zote mbili zilikuwa bado zinajaza, zimetoka kunitumikia mimi.

Aliligundua namna gani? Alishusha kamera, ikawa inaning'inia shingoni, mikono yake iko kwenye begi anatafuta betri, na mimi nikapiga nyingine. Taa zake zikawaka. Hajagusa kitu na taa zimewaka. Nikamwona anageuka taratibu anaangalia ukumbi mzima mpaka macho yakafika kwangu na kidude changu juu ya kamera. Akaja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, bora angefoka. Akaniuliza, "Dada yangu, samahani, flashi yako iko chaneli ngapi?"

Nikajibu sijui. Kweli nilikuwa sijui.

Akaomba nimpe, akaiangalia sekunde mbili, akanionyesha kile kialama cha redio kwenye kioo na ile namba, akakizima, akanirudishia akasema "basi, sasa unaweza kuendelea." Akaenda kumnong'oneza MC. MC naye akachukua maiki, nadhani alitaka kuchekesha tu, akasema ndugu zangu tunarudia keki kidogo, kuna dada pale amekuwa akiiba umeme wa watu. Ukumbi mzima ukacheka. Mama mdogo hakucheka. Mdogo wangu alikuwa na kitambaa anajifuta krimu mdomoni, wameshalishana, sasa anaambiwa ashike kisu tena ajifanye.

Nilirudi Mbeya siku iliyofuata dirishani, sikuongea mpaka Igawa.

Ndiyo hivyo kijana wangu wa Njombe. Ushauri wangu wa kwanza ni zima redio ya flashi ukiwa nyumbani, kabla ya kuvaa suti. Iwashe, angalia kioo, ukiona alama ya mawimbi au ya umeme uliopinda au neno la chaneli na makundi, bonyeza mpaka vitoke, ibaki flashi ya kawaida ya juu ya kamera. Na usidhani kubadilisha chaneli kunatosha. Kuna taa nyingine hazisikilizi redio, zina jicho linaloangalia mwanga, kwenye kioo zinaandika S1 au S2, hizo zikiona flashi yoyote imewaka ukumbini nazo zinawaka, hata ile flashi ndogo inayoinuka yenyewe juu ya kamera. Hapo chaneli haina kazi, unamzidishia kazi mwenzako hata kama hujui. Taa ya simu haiziwashi, ile ni taa ndogo ya LED tu haina mshtuko wa flashi, ila inamharibia mtu wa video rangi yote, kwahiyo nayo izime, na usije ukaniambia wenzako wote walikuwa wamewasha.

Utajuaje kama unamwibia mtu? Ukiona picha yako ina mwanga wa upande ambao hukuweka taa, acha hapohapo. Ukiona kona za ukumbi zinawaka wakati unabonyeza wewe, acha. Sifa ambayo hujaifanyia kazi iulize imetoka wapi. Mimi sikuiuliza.

Ushauri wa pili ni ule niliouanza nao juu kabisa: usitumie flashi kabisa. Tangu siku ile mimi mgeni mwalikwa situmii flashi. Nilinunua lenzi ya 50mm ya f/1.8, ile ndogo ya plastiki, ukumbini naweka f/2, ISO 3200, shata 1/100. Hiyo 1/100 ina sababu, umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukienda haraka zaidi kama 1/500 unaweza kupata picha moja ya njano nyingine ya kijani, au ina mistari. Zile za rangi za mapambo zenyewe zina upepesaji wao, jaribu mbili tatu kabla. Picha itakuwa na chenga kidogo. Sawa tu, wewe hukulipwa. Zima pia mlio wa kufokasi na ile taa nyekundu ya kusaidia kufokasi, maana inatua usoni mwa bibi harusi kama jipu.

Na hapa nihubiri kidogo mnivumilie. Tatizo letu siyo flashi, ni kutaka picha ileile ya yule aliyelipwa. Mtu amelipwa na kamati, kuna michango ya watu pale, mwingine ametoa laki kaikopa, alafu wewe na kamera yako ya mtumba unataka kusimama mbele ya kisu. Ya nini? Hiyo picha itapigwa. Bibi harusi akiingia kanisani mpiga picha anarudi kinyumenyume katikati ya benchi anampiga mwili mzima, wewe ukinyoosha mkono na simu kutoka benchi la tatu, mkono wako ndio utakaoonekana kwenye albamu miaka hamsini, na kioo cha simu kinang'aa. Ukitaka kupiga pale, simu iwe kifuani, kiwiko kisivuke mwisho wa benchi. Basi. Na picha za familia usipige kabisa hata ukiwa nyuma yake, kwasababu watu thelathini wakiona kamera mbili nusu wanaangalia huku nusu kule, na anayelaumiwa ni yeye.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye harusi hapa Mbeya, Forest, mtoto wa jirani yetu. Nilienda mapema, nikamtafuta mpiga picha akiwa anafunga stendi, nikamwambia kaka shikamoo ya kazi, mimi mgeni, nina kamera, situmii flashi, nitakaa meza yangu ya nyuma, wewe unataka nisiwe wapi? Akanicheka kwanza, akasema hajawahi kuulizwa hilo swali. Alafu akanionyesha: ule mstari wa mlangoni mpaka meza kuu wakati wa kuingia, na nyuma ya keki, maana nyuma ya keki ndiyo mandhari yake, mtu akisimama pale anakuwa pambo. Akasema kwingine kote jimwage. Dakika moja tu ile.

Nikakaa meza yangu. Unajua mpiga picha hawezi kuwa nyuma ya ukumbi wakati maharusi wako mbele, ni mmoja, hata akiwa na msaidizi. Kwahiyo nilipiga kule asikoweza kufika. Wakina mama wa jikoni wamesimama mlangoni na aproni wanachungulia ndafu inavyoingizwa. Mtoto amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa na koti la baba yake juu, Mbeya usiku baridi mnaijua. Na bibi mmoja, wa Tukuyu, wakati watu wote wamesimama wanashangilia keki yeye amekaa, amepata kipande cha mapema sijui wapi, anakifunga kwenye kitambaa taratibu anakiweka kwenye pochi. Nilipiga kutoka pembeni, hakuniona. Kumbe ni bibi mzaa mama wa bwana harusi.

Niliwapa zote Jumatatu kwenye flashi diski, sikuweka hata moja stetasi kabla ya wao wenyewe kuweka. Yule mpiga picha alinipigia, akaomba ile ya bibi aiweke kwenye albamu, akasema ataandika jina langu chini. Sijalala vizuri kwa furaha siku hiyo, sina haja ya kuficha.

Lakini Jumapili nilienda kwa mama mdogo, akatoa albamu ya Iringa kuwaonyesha wageni wengine. Picha ya keki iko ukurasa mzima, nzuri, mwanga mzuri, wote wawili wanacheka. Wageni wakasifia. Mimi najua pa kuangalia: kisu kabla hakijagusa keki tayari kina krimu.